Nilivyotafsiri fomu ya kumuona daktari kwa video

Fomu yenyewe ilitengenezwa Marekani. Kliniki moja ya mjini Unguja ilinunua programu ya kuonana na daktari kwa video, ili mgonjwa wa Pemba asilazimike kupanda boti kwa ajili ya mazungumzo mafupi na bingwa. Ndani yake mlikuwa na fomu ya Kiingereza ambayo mgonjwa huijaza kwenye simu kabla ya miadi: kwanza visanduku vya dalili, kisha maelezo ya ridhaa. Nikaombwa niitie Kiswahili.

Kabla ya kuandika chochote niliomba nioneshwe fomu inavyofika kwa muuguzi. Nilitaka kujua kila kisanduku kinampeleka mgonjwa wapi. Vingi huishia kwenye maelezo anayoyasoma daktari, basi. Vichache vina king'ora: ukikigusa, fomu inasimama, inakwambia usisubiri video bali uende hospitali, na jina lako linamtokea muuguzi kwa rangi nyekundu. Vya namna hiyo vilikuwa maumivu ya kifua, shida ya kupumua, udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, kupoteza fahamu na kutokwa na damu nyingi. Nikaona heri jasho langu nilimwage hapo. Dalili kama kuwashwa ngozi haihitaji kukesha nayo.

Kilichonishughulisha zaidi ni kifua. Kwa kamusi, "maumivu ya kifua" ni tafsiri isiyo na kasoro. Lakini kwetu kifua ni kiungo na pia ni ugonjwa. Mtu akisema "nina kifua" huulizi kama moyo wake mzima, unamtafutia dawa ya kikohozi. Nilishuku kisanduku hicho kitanasa watu wengi ambao hakikukusudiwa, nikamuomba muuguzi wa Wete anikutanishe na watu waliokuja kliniki kwa mambo yao. Niliwapa simu yenye fomu na sikuwaeleza kitu. Kwa kila kisanduku niliuliza maswali mawili tu: hapa unaulizwa nini, na ungekigusa ukiwa na hali gani?

Bibi mmoja hakunisubiri nimalize. "Hiki ndicho changu, mwanangu. Kifua kimenishika, usiku silali kwa kukohoa." Mvuvi mmoja alisema angekigusa akipata kichomi, akanionesha ubavuni. Dada mmoja mjamzito alisema kinafaa kwa kile kiungulia kinachompanda kila akilala. Wote watatu wangeambiwa na simu wakimbilie hospitali.

Unaweza kusema bora waende bure kuliko mmoja abaki nyumbani. Daktari nilipomweleza hakukubaliana na hilo moja kwa moja. King'ora kikipigwa na kila mwenye kikohozi, alisema, muuguzi ataizoea ile rangi nyekundu, na siku ya mgonjwa wa moyo hatashtuka. Akaongeza la upande wa pili, ambalo mimi nisingelijua: mtu ambaye mshipa wa moyo unaziba mara nyingi hasemi "maumivu" kabisa. Anasema uzito, au mbano, kama kuna kitu kimemkalia. Wenye sukari wanaweza hata wasihisi maumivu makubwa. Kwa hiyo kisanduku kile kilikuwa kinaita wasiohusika na kuwaacha wanaohusika.

Tukakigawa. Badala ya kimoja vikawa vinne, kwa mpangilio huu:

Kikohozi.
Kiungulia: moto unaopanda kutoka tumboni hadi kooni.
Kichomi: maumivu ya ubavuni yanayochoma nikivuta pumzi.
Kifua kizito, kinabana au kinauma katikati, hata nisipokohoa.

King'ora kilibaki kwenye cha mwisho. Kichomi hakipigi king'ora, ila muuguzi hupata taarifa ampigie mgonjwa siku hiyohiyo, maana huenda ni maradhi ya mapafu. Mpangilio nao una kazi yake: mwenye kikohozi anakutana na kikohozi chake kwanza, anakigusa, na akifika kwenye cha nne hana tena haja ya kukiazima. Niliporudi kujaribu na watu wengine, wenye kikohozi walikipita cha nne bila kusita, na mzee mmoja aliyewahi kulazwa kwa moyo alikisoma akasema, "Naam, hivi ndivyo ilivyokuwa."

Kuna jambo la kiufundi hapa ambalo mtafsiri akilipuuza anavuruga kazi ya daktari. Mmoja wa mabingwa yuko nje na hajui Kiswahili. Yeye anaona majibu kwa Kiingereza, kwa kuwa kila kisanduku kina jina la ndani ambalo programu inalitumia kuunganisha lugha mbili. Maandishi anayoyaona mgonjwa unaruhusiwa kuyabadilisha, jina la ndani huligusi:

```
{"id": "chest_pain",
 "label_sw": "Kifua kizito, kinabana au kinauma katikati, hata nisipokohoa"}
```

Kwa hivyo vile visanduku vipya vilihitaji majina mapya ya ndani na maandishi ya Kiingereza pia, na hayo niliyaacha kwa daktari na fundi wa programu wakubaliane. Kisha mtu wa tatu, ambaye hakuwahi kuiona fomu ya asili, aliurudisha ukurasa wangu kwenye Kiingereza, tukauweka ubavuni mwa ule wa Marekani. Njia hii inafichua kilichodondoka njiani, lakini haitoshi peke yake. "Maumivu ya kifua" ingerudi Kiingereza ikiwa safi kabisa, na yule bibi wa Wete angeendelea kupelekwa hospitali kwa kikohozi.

Kizunguzungu nacho kiligawika. Daktari anataka kutenganisha anayeona nyumba inazunguka na anayehisi kichwa chepesi kama anataka kuzimia, kwani chanzo cha la kwanza mara nyingi ni sikio la ndani, na la pili huweza kuwa presha iliyoshuka, upungufu wa damu au moyo. Sisi yote tunaita kizunguzungu. Niliacha neno hilo juu na kuweka chini yake visanduku viwili: "Naona vitu vinazunguka" na "Nahisi kama nataka kuzimia".

Homa ilikuja na nambari. Fomu iliuliza kama joto la mwili limevuka 100.4, kipimo cha Farenhaiti, na mgonjwa wa hapa akiiona nambari hiyo atadhani anaulizwa kuhusu maji ya chai. Ni 38 kwa Selsiasi. Lakini hata 38 haina maana katika nyumba isiyo na kipimajoto, tena kwa watu wengi hapa "homa" ni kuumwa kokote kunakomlaza mtu kitandani. Basi nikaandika: "Nimepima joto, ni ___" na "Sijapima, lakini mwili unachemka". Saa za miadi pia nililazimika kuziandika kwa maneno, "saa nane mchana", kwani anayeona 8:00 kwenye simu anaweza kuisoma saa nane, na daktari wake akawa amemsubiri saa mbili asubuhi.

Tulipofika kwenye ridhaa, kazi ikabadilika sura. Kiingereza cha mikataba kinapenda kumficha mtendaji. Sentensi moja ilisema taarifa za mgonjwa zinaweza kutolewa kwa watu wengine inapohitajika. Kuitafsiri ilivyo ni rahisi sana, Kiswahili nacho kina "zinaweza" na kina "kutolewa". Ila "zinaweza" haisemi kama jambo hilo huenda likatokea au kama kliniki inaomba ruhusa ya kulifanya, na "kutolewa" haisemi na nani. Nilimuuliza meneja: nani anatoa, anampa nani, kwa ajili ya nini? Ilibidi naye akaulize. Jibu lilipopatikana, sentensi ikawa: "Ninairuhusu kliniki impe bingwa nitakayezungumza naye taarifa zangu za ugonjwa. Kliniki haitampa mtu mwingine bila kuniuliza tena." Ile sehemu ya pili haikuwemo kwenye Kiingereza. Meneja aliikubali, kisha wakairekebisha na fomu ya Kiingereza, kwani haifai wagonjwa wawili waahidiwe mambo mawili kwa sababu ya lugha waliyochagua.

Sentensi nyingine nilikataa kuitafsiri mahali ilipokuwa. Ilimtaka mgonjwa akiri kwamba ameelezwa mipaka ya matibabu kwa video na amepata nafasi ya kuuliza maswali. Lakini fomu inajazwa kabla hajamuona daktari. Hajaelezwa na mtu na hajauliza chochote. Ukimpa aguse "nakubali" hapo, umemfanya ashuhudie lisilotokea. Tuliigawa mara mbili. Kwenye fomu tukaweka mipaka yenyewe kwa sentensi fupi: daktari hataweza kunigusa tumbo wala kunisikiliza kifua, mtandao unaweza kukatika, na ukikatika atanipigia kwa simu ya kawaida, anaweza kuniambia niende hospitali, naweza kuacha wakati wowote na bado nitatibiwa. Lile la kuelezwa na kuuliza likahamia mwanzo wa video: daktari anauliza kwa mdomo, mgonjwa anajibu, daktari anaandika jibu.

Swali la nani yuko chumbani halikuwemo kabisa. Huku simu mara nyingi ni ya mume, au ya kijana aliye skuli, na mwenye simu hukaa karibu. Muuguzi ndiye aliyelishikilia: mwanamke hatasema habari za ukeni mbele ya wifi yake. Tukaongeza "Niko peke yangu" na "Niko na mtu, na nimeridhia asikie". Asiyegusa chochote, muuguzi humpigia kwanza kumuuliza kama apangiwe wakati mwingine.

Mwisho wa ukurasa kulikuwa na maelekezo ya kupiga 911 kwa dharura, nambari ya Marekani. Tuliifuta, tukataja hospitali za Wete, Chake Chake na Abdalla Mzee kule Mkoani, na fomu ikaanza kumuuliza mgonjwa yuko shehia gani kwa sasa na ipigwe simu gani video ikikatika. Shehia ya nyumbani haitoshi: mtu wa Konde anaweza kuwa kwa dada yake Mkoani siku hiyo, na msaada ukitumwa Konde haumsaidii.

Kila ukurasa wa ridhaa sasa una nambari ya toleo chini, ileile kwa Kiswahili na Kiingereza. Sentensi moja ikibadilika katika lugha yoyote, nambari inapanda kote kuwili na mgonjwa anaombwa ridhaa upya. Kwa asiyesoma, muuguzi humsomea toleo hilohilo neno kwa neno, kisha huandika kwamba lilisomwa na nani.