Nilivyopangua mkopo wa gari kwenye yadi ya Ohio

Gari lenyewe halikunisumbua. Ilikuwa Corolla iliyotumika, fundi aliikagua, bei tukaelewana. Kazi ilikuwa kwenye ofisi ya nyuma, wanakoandikia mikopo. Wengi wetu tunaoishi hapa Columbus tukishamaliza kubishania bei tunahisi tumevuka, tunasaini chochote tunachowekewa mbele. Yadi nyingi faida yake kubwa iko mle ndani.

Kabla ya kwenda nilipita kwenye chama cha akiba na mikopo kinachopokea mshahara wangu, mfano wa SACCOS zetu za nyumbani. Wakanipa barua ya idhini: riba ya asilimia 8 kwa mwaka, miezi 60. Wapo wanaoogopa kwamba kuomba mkopo sehemu mbili tatu kutawashushia alama za mkopo. Maombi ya mkopo wa gari yakifanyika ndani ya siku 14, FICO, mfumo wa kukokotoa alama hizo, huyahesabu kama ombi moja. Barua yangu sikuitoa kwanza, nilitaka kuona yadi itakuja na nini.

Swali la kwanza la mtu wa mikopo lilikuwa, "Ungependa kulipa kiasi gani kwa mwezi?" Sikumtajia. Nilimwambia anionyeshe kiasi ninachokopa, riba na muda, kila kimoja peke yake. Ukishataja 350, atakutengenezea 349 kwa njia yoyote anayotaka yeye.

Na kweli karatasi aliyonisogezea ilikuwa na 349 kwa maandishi makubwa. Baada ya malipo ya awali, na kodi ikiwa ndani, nilihitaji kukopa dola 15,000. Yeye alikuwa ameongeza mkataba wa matengenezo wa 2,400, bima ya GAP ya 895, na kuchonga namba ya chasisi kwenye vioo kwa 299. Riba ilikuwa asilimia 10.5, na muda umevutwa hadi miezi 72. Nilipiga hesabu kwenye simu palepale mbele yake: jumla ya malipo ingepita dola 25,100. Kwa barua yangu ningelipa 304 kwa mwezi, na jumla isingefika 18,300.

Ile 10.5 ilitoka wapi? Yadi hupeleka maombi yako kwa benki kadhaa, na benki inaijibu yadi kwa riba yake. Yadi inaruhusiwa kuongeza juu yake, mara nyingi hadi pointi mbili au mbili na nusu, na sehemu kubwa ya nyongeza inarudi kwake. Mkataba hautakuonyesha riba ya kwanza. Kwa mkopo wangu, bila hata kugusa vile vya ziada, kutoka 8 hadi 10.5 kwa miezi 60 ni karibu dola 1,100.

Hapo ndipo nilipoweka barua mezani. Akatoka, akarudi na asilimia 7.5, na benki ni ileile iliyoandikwa kwenye karatasi ya kwanza. Nikaikubali, miezi 60, 301 kwa mwezi.

Bado alinikazania mkataba wa matengenezo, akisema benki haitatoa mkopo bila huo. Nilimwomba aniandikie maneno hayo na kusaini, au tuipigie benki simu pamoja. Akaufuta. GAP yenyewe si kitu kibaya: gari likiharibika kabisa au likiibwa wakati deni limezidi thamani yake, inafidia ile tofauti. Lakini kampuni yangu ya bima ya gari iliniongezea kwa dola chache kwa mwezi, na hizo hazizai riba.

Kusaini kulikuwa kwenye tableti, naye alikuwa anafungua kurasa harakaharaka. Nilimsimamisha kwenye kisanduku cha Amount Financed, yaani kiasi unachokopa, ambacho sheria inadai kiwepo. Kilisomeka 15,299. Uchongaji wa vioo ulikuwa umebaki ndani. Sikusaini mpaka kikasomeka 15,000, kisha nikaomba nakala ya karatasi. Usitegemee kurudisha gari kesho yake: sheria ya shirikisho haitoi siku za kughairi kwa gari lililonunuliwa yadi.

Jirani yangu, Mkongomani, alikuwa ameshasaini mkataba wa matengenezo kwenye yadi nyingine. Tulisoma pamoja kipengele cha kuvunja mkataba, tukaandika barua kwa yadi na kwa kampuni inayousimamia, tukatunza risiti ya posta. Mikataba hii kwa kawaida huvunjika, na fedha hurudi kwa kadiri ya muda uliobaki. Kwa kuwa bei ya mkataba wake ilikuwa ndani ya mkopo, fedha ilikwenda benki kupunguza deni. Malipo yake ya mwezi hayakushuka, ila deni litaisha mapema.