Kumbe sio vidole, ni sauti inachelewa: uzoefu wangu na osu!

Kwa miezi kama minne nilijua mimi nina mikono mizito tu. Nacheza osu!, gemu ya kubonyeza kwa kufuata mdundo wa wimbo, kwenye laptopu, nyimbo za OD 8, nasikia kabisa mdundo nimeupata, kidole kimeshuka pale pale, afu gemu inanipa alama 100 badala ya 300, tena mfululizo. Ila nyimbo rahisi nacheza freshi kabisa, na hapo ndo nilikuwa nachanganyikiwa zaidi.

Kwa wasiojua, OD ndo inaamua dirisha la kubonyeza lina upana gani. Chukua 80, toa 6 mara OD, unapata milisekunde za kupata 300 kila upande wa mdundo. OD 5 ni 50, OD 8 ni 32. Kwa hiyo mtu anayechelewa milisekunde 25 kila mara, kwenye OD 5 bado yuko ndani kwa raha zake hagundui chochote, kwenye OD 8 amebakiza 7 tu, akiteleza kidogo yuko nje.

Hedifoni za blututhi nilishaziacha zamani, zile sauti inabanwa, inatumwa, inafunguliwa upya, mara nyingi inakula milisekunde 150 hadi 200 na ushee, hapo hata alama 50 huipati ni kukosa tu. Nikanunua iafoni za waya za bei ya kutupa, mambo yakawa afadhali sana, nikadhani nimemaliza. Kumbe hata waya una kuchelewa kwake, maana sauti inapita kwenye Windows kwanza, na laptopu yangu ilikuwa imewashwa vile vikorombwezo vya kunogesha besi. Nilivizima, ikasaidia kidogo.

Kilichonifungua macho ni ule mstari mdogo chini ya skrini unaoweka vialama kila ukibonyeza, kushoto umewahi, kulia umechelewa. Vialama vyangu havikutawanyika, vilirundikana sehemu moja, upande wa kulia. Mtu mwenye mikono mibaya anatawanya kotekote, mimi nilikuwa nakosea sehemu ile ile kila mara, yaani nilikuwa sahihi kwa kitu ambacho chenyewe hakipo sahihi.

Wimbo ukiisha unapeleka mausi juu ya grafu ya matokeo, inakuonyesha wastani wa makosa na Unstable Rate. Hiyo Unstable Rate gawa kwa 10 ndo unapata mtawanyiko wako kwa milisekunde. Yangu ilikuwa 140, yaani 14, sio mbaya hata kidogo. Wastani ndo ulikuwa umechelewa kama 25. Piga hesabu, ukiwa na mtawanyiko wa 14 umehama 25 na ukuta uko 32, karibu theluthi ya mibonyezo inaangukia nje, asilimia ya usahihi inashuka mpaka 80 hivi, na ndo nilipokuwa nimekwama.

Nikaingia kwenye Universal Offset, mpangilio wa gemu unaosogeza muda wa sauti kwa nyimbo zote, nikaweka 25. Wimbo uliofuata wastani ukaruka mpaka karibu 50, lol, nilikuwa nimeweka upande usio wenyewe. Nisikutajie ni jumlisha au toa maana gemu zinatofautiana, wewe weka, cheza, angalia wastani umeenda wapi, ukikua geuza alama. Nilipogeuza ukatua kwenye 2, na ule wimbo niliokuwa naganda nao kwenye 80 nikapata 97. Unstable Rate ilibaki 140 ile ile. Vidole havikubadilika, lile rundo lote tu lilisogea katikati.

Mambo mawili yalinisumbua. La kwanza, usipime kwa wimbo mmoja, maana kuna nyimbo aliyezipanga mwenyewe kaziweka nje ya mdundo, mimi nilishawahi kuharibu mpangilio wote kwa sababu ya wimbo mmoja wa hivyo. Cheza nne au tano, ukiona mmoja tu ndo umehama, rekebisha huo peke yake kwa + na - wakati unaanza. Na punguza sauti za mibonyezo ukiwa unapima, maana nazo zinatoka zimechelewa, ukizifuata zinakupoteza.

La pili nililigundua kwa mdogo wangu. Nilimbadilishia namba kwa 30 nzima, wastani wake haukutikisika. Nikamwangalia anavyocheza, kumbe dogo hasikilizi kabisa, anafuata kwa macho zile duara za kwenye skrini zinavyojifunga! Mtu wa hivyo hata uhamishe sauti vipi vialama havisogei, kwa hiyo kabla hujapima mwambie afuate ngoma, au mpe wimbo anaoujua kwa moyo. Mimi wa kwangu nilipima mara tatu siku tofauti, nikapata 23, 26, 25, nikaacha hapo kwenye 25. Nilipobadilisha iafoni mwezi jana nikaweka za yusibii, nikalazimika kuanza upya.