Jinsi nilivyowamaliza kunguni bwenini
Wanafunzi waliamka na vipele vilivyopangana mstari mikononi, na kwenye mishono ya magodoro nikaona vidoa vyeusi kama vya kalamu. Nilipuliza dawa mara mbili na kuanika magodoro juani, lakini kunguni walirudi. Kilichosaidia ni kuyafunga mashuka na mablanketi ndani ya mifuko pale pale kitandani, kwani awali tuliyabeba kifuani na kuwasambaza wadudu vyumba vyote. Kisha tukayafua kwa maji ya nyuzi joto 60. Vitanda vya chuma tulivifungua, tukamwagia maji yanayochemka kwenye matundu ya skrubu yaliyojaa mayai, tukarudia baada ya siku 10, mayai yaliyosalia yalipokwisha kuanguliwa. Sasa kila shuka lina namba ya mwanafunzi mmoja, maana kuazimana mashuka huhamisha pia chawa wa mwili.