ATM imekata pesa na haijatoa kitu

Jamani watu wa Kisumu, juzi nimetoa elfu kumi kwa ATM pale Kondele, mashine ikanguruma vile huhesabu noti, halafu kimya, kadi ikarudi na noti hakuna, na meseji ikaingia kwa simu eti nimetoa 10,000. Nilikasirika sana. Sasa hiyo mashine ilikuwa ya benki ingine, si yangu, na hapo ndio wengi wanazungushwa, coz wanaenda kupigana na wenye mashine. Malalamiko unapeleka kwa benki iliyokupea kadi, wao ndio wanadai hao wengine. Nilijaza fomu, nikaweka tarehe, saa, mahali na ile namba ya muamala iko kwa risiti, so iwekeni hiyo karatasi hata kama imeandika umepewa pesa. Wenye mashine wanaangalia rekodi yake na kuhesabu noti zilizobaki ndani, zikizidi zile zinafaa kuwa, elfu kumi yako inaonekana wazi. Yangu imerudi leo, na makato ya kutoa pia yamerudishwa, hayo angalieni, mimi ilibidi niyaulizie.