Nilivyopanga mfululizo wa reli ya Uganda hadi wasomaji wakawa wanarudi kila Alhamisi

Nilipotangaza kwamba naandika historia ya reli ya Uganda kwa sehemu tano, ushauri ulinimiminikia. Uliosisitizwa kuliko wote ulikuwa huu: juu ya kila sehemu weka linki za sehemu zote tano, hata ambazo hazijatoka, ili msomaji ajue kuna mambo yanakuja. Nikaufuata. Sehemu zilizobaki nikazipangia tarehe za kutoka, nikachukua anwani zake na kuzibandika.

Sasa, WordPress haimfungulii msomaji posti ambayo tarehe yake haijafika. Anayebofya anakutana na 404. Watu walikuwa wananunua bando, wanabofya daraja la Jinja kwa hamu, wanaambiwa ukurasa haupo. Ujumbe ukaanza kuingia: "Ndugu, blogu yako imekufa." Na ubaya wake ni kwamba aliyekutana na ukurasa mfu harudi Alhamisi kuangalia kama umefufuka. Bado naudhika kila nikisikia ushauri huo ukitolewa.

Siku hizo hizo shangazi yangu wa Walukuba, Jinja, alinipigia. Alikuwa ametumiwa sehemu ya tatu kwenye WhatsApp. "Mwanangu, umeandika vizuri, lakini hii reli ya Namasagali imetokea wapi? Mbona haijaungana na ile ya Mombasa?" Swali lake ndilo lililonifundisha kupanga. Wasomaji wengi wanaingilia katikati, kwa linki waliyotumiwa na mtu, na sehemu ya kwanza hawajawahi kuiona.

Nikatengeneza ukurasa mmoja wa orodha wenye anwani isiyobadilika, `/reli-ya-uganda/`. Sehemu zilizotoka zina linki. Ambazo bado zina kichwa na tarehe tu, maandishi makavu yasiyobofyeka. Halafu nikagundua kitu kilichonifurahisha kuliko chochote: ndani ya WordPress kuna `Synced pattern`. Unatengeneza kipande kimoja cha maandishi, unakiweka mwishoni mwa sehemu zote, na ukikihariri mahali pamoja kinabadilika kote. Changu kina linki ya orodha na mstari unaotaja sehemu mpya kabisa. Alhamisi ikifika nahariri mstari huo tu, na anayesoma habari za Mombasa usiku huo anaona kwamba Kampala imeshatoka. Kabla ya hapo nilikuwa nafungua posti za zamani moja moja.

Anwani za sehemu sikuzipa namba. Nilitumia `/reli-kisumu/`, `/reli-namasagali/`, kwa sababu ukiamua kuchomeka sehemu katikati, namba zote zinavurugika na linki zilizokwisha kuzagaa WhatsApp zinadanganya.

Muhtasari wa mwanzo ndio uliokula muda wangu. Ukiwa mrefu, msomaji wa zamani anachoka. Ukiwa mfupi mno, mgeni anapotea. Mimi naandika sentensi tatu au nne: tulipofika, jambo moja ambalo bila hilo sehemu ya leo haieleweki, na swali la leo. Huu ndio wa sehemu ya nne:

"Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu 1901, na kutoka hapo abiria wa Uganda walivuka ziwa kwa meli. Mwaka 1912 Jinja ikapata reli yake fupi hadi Namasagali, ya kubebea pamba ya Busoga, isiyogusana na ile kubwa. Leo: treni ilivukaje Nile hadi kuingia Kampala mwaka 1931?"

Linki ziko mbili tu: moja kwenye maneno "walivuka ziwa kwa meli", nyingine kwenye "reli yake fupi hadi Namasagali". Mtu anajua anakwenda kusoma nini kabla hajatumia bando lake. "Bofya hapa" haimwambii kitu.

Hilo swali la mwisho sikulitunga siku ya kuchapisha. Kabla sehemu ya kwanza haijatoka nilishaandika maswali ya sehemu zote kwenye karatasi, kila moja likifunga sehemu moja na kufungua inayofuata. Sehemu ya Kisumu ilifungwa hivi: reli inaitwa ya Uganda, mbona imeishia ziwani? Watu walibishana wiki nzima, na jibu likawasubiri Alhamisi: reli ilipofika Kisumu, mji huo ulikuwa bado ndani ya himaya ya Uganda, mkoa ule ulihamishiwa upande wa Kenya ya leo mwaka 1902. Sehemu ambayo sikuweza kuipatia swali niliiunganisha na jirani yake.

Sehemu ya Kasese, reli ya 1956 iliyofuata shaba ya Kilembe, ilipotoka, nilifungua kile kipande nikafuta mstari wa sehemu mpya na kuandika "Mfululizo umekamilika, anzia Mombasa", pamoja na linki ya sehemu ya kwanza. Anayeingilia katikati sasa anapelekwa mwanzo.