Simu moja ya duka, waandishi wawili

Simu ya duka letu la mashuka na mapazia, Kariakoo, inashikwa na watu wawili. Asubuhi anaishika shangazi, mwenye duka. Kuanzia mchana anaishika binamu yangu. Mimi kazi yangu ni hesabu, lakini shangazi alinipa na hii ya kuiweka simu sawa, kwa sababu wateja wa mikoani walikuwa wameanza kuchagua wa kuongea naye. Mama mmoja wa Njombe, ambaye hununua kwa jumla, alituma voisi akasema: "Niachie yule mama wa asubuhi, huyu wa mchana ana hasira."

Binamu hana hasira hata kidogo. Nilipofungua mazungumzo yao nikakuta hivi:

"Habari"
"Mzigo umefika?"
"Maana dereva kasema alishusha jana saa 2 usiku"
"Na hujathibitisha"
"Au kuna shida?"
"Naomba nijibu"

Sita, zote ndani ya dakika ileile. Kwa binamu hayo ni maongezi tu: anawaza, anatuma, anawaza, anatuma. Lakini mama wa Njombe hakuyasoma hivyo. Simu ilikuwa kwenye mkoba, yeye yuko na mteja gengeni, akasikia inalia mara sita. Alipoitoa, kwenye orodha ya WhatsApp aliona jina la duka letu, tarakimu 6 kwenye duara la kijani, na chini yake "Naomba nijibu". Orodha ile huonyesha meseji ya mwisho tu. Kwa hiyo kabla hajafungua lolote alikuwa ameshaambiwa kwamba anadaiwa jibu, na yale matano ya juu aliyasoma kwa sauti ya ile moja.

Nilimwomba binamu aandike jambo lilelile kwenye meseji moja, tuone. Akaandika: "Habari za mchana mama. Dereva ametuambia mzigo wako aliushusha jana saa 2 usiku. Ukishauchukua naomba unijulishe, ili kama kuna pungufu tumfuate konda mapema." Maneno hayakuongezeka sana. Kilichoongezeka ni "ili". Mtu akikatakata meseji, viunganishi ndivyo vinavyodondoka kwanza: ili, kwa sababu, kwa hiyo. Na adabu yetu nyingi imekaa humo. "Hujathibitisha" ikisimama peke yake ni lawama. Ikiwa na sababu yake pembeni, inakuwa taarifa.

Kwa hapo ungedhani basi shangazi ndiye mwalimu. La. Shangazi huandika magazeti. Alijifunza kuandika kwenye simu enzi za SMS, ambapo meseji moja ilibeba herufi 160 na kila moja ililipiwa, kwa hiyo mtu mwenye akili alibana kila kitu humo na hakutuma ya pili bila sababu. Sasa hakuna kikomo cha kumzuia, ila tabia ya kutuma mara moja imebaki. Salamu, pole ya msiba, bei ya 5x6, bei ya 6x6, rangi zilizopo, nauli ya mzigo, namba ya malipo, siku ya basi na dua ya mwisho, yote kwenye aya moja isiyo na mahali pa kupumulia.

Wateja wanampenda, wanamwona mtu mzima anayejali. Ila hawamjibu. Nilipitia mazungumzo yake nikaona mtindo mmoja unajirudia: tiki mbili za bluu, kimya, halafu jioni mteja anauliza kitu kilichokuwa tayari humo ndani. Aya ikiwa ndefu sana WhatsApp yenyewe huikata na kuweka "Soma zaidi", na si kila mtu anayebonyeza. Wanaojibu hujibu swali la mwisho tu. Tena aya ya namna hiyo haishikiki. Mteja akitaka kuijibu kwa kuitelezesha pembeni, anaijibu yote, huwezi kujua anazungumzia bei au rangi. Akitaka kumtumia mumewe namba ya kulipia, inabidi amtumie gazeti zima, pamoja na pole ya msiba.

Kwa hiyo nikaacha kuhesabu urefu. Nilichowaomba wote wawili ni kujiuliza jambo moja kabla ya kutuma: hiki kitajibiwa, au kitachukuliwa, peke yake? Kama ndiyo, kipewe meseji yake. Kama maana yake inategemea sentensi ya jirani, visitenganishwe.

Oda iliyotufundisha zaidi ilitoka Songea. Mama mmoja alitaka seti 20 za 6x6, rangi ya bluu. Bluu ilikuwa imeisha. Binamu akaandika "Bluu imeisha, nikuwekee kijani?" akatuma. Akakumbuka kwamba bluu inaingia wiki ijayo, akaandika "Au tusubiri bluu wiki ijayo?" akatuma. Jibu likaja: "Sawa." Sawa ipi? Binamu alikuwa tayari anafunga kijani. Nikamwambia aangalie juu ya kioo wakati anatuma: ile ya pili iliondoka huku pale juu pameandikwa kwamba mama anaandika. Inawezekana kabisa alikuwa anajibu ya kwanza, na inawezekana alisoma zote mbili akachagua kusubiri. Kwenye maongezi ya ana kwa ana ungeona macho yake. Hapa una neno moja chini ya maswali mawili.

Tukampigia. Alimaanisha kusubiri. Wiki iliyofuata tulimwandikia kwa mpango mpya, na ilikuwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Bluu imeingia. Seti 20 za 6x6, kila seti 26,000, jumla 520,000. Nauli ya mzigo hadi Songea 10,000. Yote kwa pamoja 530,000."

Kisha namba ya malipo peke yake, bila neno lolote, ili akibonyeza na kunakili asichukue na takataka.

"Ukilipa leo kabla ya saa 10 jioni mzigo unaondoka na basi la usiku. Ukilipa baada ya hapo unaondoka kesho. Tukuandalie wa leo au wa kesho?"

Meseji nne. Bei, nauli na jumla ziko pamoja kwa sababu jumla bila hesabu yake huleta ugomvi. Leo na kesho ziko pamoja kwa sababu ni swali moja lenye matawi mawili. Namba iko peke yake kwa sababu ina safari yake. Na swali liko mwisho, kwa kuwa hiyo ndiyo atakayoiona kwenye orodha kabla ya kufungua. Binamu aliziandika zote nne kwanza sehemu ya kuandikia maelezo binafsi ndipo akazituma kwa kufuatana, hivyo hakuna iliyomkuta mama katikati ya kujibu.

Ile "Shikamoo" tuliibishania. Shangazi alisema salamu lazima isubiri "Marahaba", huwezi kumrukia mtu mzima na bei. Binamu alisema ukisubiri, saa mbili zinapita. Mimi nilichoamua ni salamu iwe na meseji yake, kwa sababu inastahili jibu lake, lakini shughuli ifuate papo hapo. Mama akitaka kuitikia anaitikia ile ya kwanza, asipotaka hajacheleweshwa. Salamu tupu inayoachwa ielee ina ubaya wake mwingine. "Habari" peke yake, kutoka kwa mtu mnayefanya naye biashara, husomeka kama mwanzo wa kuombwa mkopo.

Habari mbaya nimezitoa kabisa kwenye mtindo wa vipande. Mzigo mmoja ulipitilizwa ukashushwa mji wa mbele. Binamu alianza: "Mama", kisha "Kuna tatizo kidogo", kisha "Ngoja nikueleze", akaanza kuandika maelezo. Kabla hajamaliza, mteja alikuwa amepiga simu mara mbili akidhani mzigo umeibwa. Siku hizi jambo kama hilo linaandikwa kwa meseji moja inayoanza na mwisho wa habari: "Mama, mzigo wako uko salama lakini ulipitilizwa, unarudi na basi la kesho asubuhi. Nauli ya kurudisha tunalipa sisi." Maneno "uko salama" lazima yawe miongoni mwa yale machache yanayotokea juu ya kioo kabla simu haijafunguliwa. Pole na maelezo mengine vifuate baadaye, hata vikiwa virefu. Hapo ndipo namrudishia shangazi simu, kwa sababu hakuna anayemzidi.

Lakini kuna mahali vipande vinashinda, na sikutaka kumnyang'anya binamu hicho kipaji. Ni kwenye kupatana bei. Mteja akisema "Fanya 22", ukimjibu kwa aya yenye gharama za ushuru na usafiri, umefunga mlango. Anaona ameandikiwa barua. Binamu anajibu "Ah mama!", "22 hata mimi sinunui", "Weka 25 tumalize", na mteja anacheka, anaweka 24. Ule mwendo wa harakaharaka unamrudisha mtu kaunta, anaona kuna binadamu upande wa pili anayekuna kichwa. Hapo sita mfululizo hazionekani hasira, kwa sababu na yeye anatuma sita. Dalili ninayoitumia ni hiyo: kama anayejibu naye anakatakata, endelea. Kama wewe una tano na yeye ana moja, simama.

Kuna jambo moja lisilo mikononi mwetu. Wateja wengi huzima data mchana. Meseji tatu ulizozitia nafasi ya saa mbilimbili kwa heshima humfikia usiku kwa mkupuo, na ingawa kila moja ina saa yake pembeni, mlio ni wa mfululizo. Kwa wateja wa namna hiyo, nikiona meseji ya kwanza bado ina tiki moja, siongezi ya pili. Kama nimekosea tarakimu naihariri ileile, maana WhatsApp inaruhusu kuhariri ndani ya dakika 15. Ikishasomwa siigusi tena, natuma masahihisho wazi, kwani bei inayobadilika kimyakimya juu ya kioo cha mteja ni mbaya kuliko meseji ya ziada.

Kwenye kundi la wateja wa jumla nimepiga marufuku vipande kabisa, hata kwa binamu. Watu zaidi ya mia wanaandika kwa wakati mmoja. Ukituma picha ya shuka halafu bei, katikati mtu ameshaweka picha ya duka lake, na bei yako inakaa chini ya shuka la mwenzako. Bei inaandikwa kwenye maelezo ya picha yenyewe, ukubwa na idadi ya foronya humohumo, basi.