Taabani ya Wete si "taaban" ya Maskati

Juzi shangazi yangu kanipigia simu kutoka Wete, analia. Jamaa zetu wa hapa Maskati, wale waliozaliwa huku wasiojua Kiswahili, wamemwandikia kuwa baba yao "taaban shwayya". Kwetu Pemba mtu akishaitwa taabani, watu wanakaa kitako kumsomea Yasini. Nikamwambia, "Shangazi, Mwarabu akisema taaban kachoka tu, au mwili hauko sawa." Kumbe mzee ana mafua.

Sisi tuliotoka visiwani hutupotosha zaidi yale maneno tunayodhani tunayajua. Neno geni kabisa utaliuliza. Hili la kufanana unalipita ukijiamini.

Chukua hayati. Kwetu ni mtu aliyekwisha kufa: hayati Karume. Huku "hayati" ni uhai wangu, na mume humwita hivyo mkewe, mzima wa afya. Sasa ukifiwa, Mmisri au Mshami atakuandikia "al-bakiya fi hayatak", au "hayatik" ukiwa mwanamke. Hapo hamtaji marehemu. Anakuombea wewe uliyebaki: umri uliosalia uwe wako. Masheikh wengine hawaipendi kauli hiyo, wakisema hakuna afaye akabakisha umri, nao huona bora "adhama Allahu ajrakum", Mungu akukuzieni ujira wenu.

Mimi mwenyewe niliwahi kuumbuka. Kazini tulikuwa na Mmisri ambaye baba yake alikuwa akiugua. Aliporudi likizo nikamuuliza, "Mzee hajambo?" Akajibu, "Taish inta." Neno kwa neno: uishi wewe. Nikafurahi, nikamjibu amin, na wewe pia, na mzee! Akanitazama tu. Mwenzetu mmoja akanivuta pembeni: Mmisri ukimuuliza hali ya mtu akakuombea uhai wewe, basi yule uliyemuuliza kafa. Ulipaswa kusema "Allah yarhamuh".

Dalili ni hiyo: dua imehama kutoka kwa mgonjwa ikaja kwako. Angekuwa hai, dua ingekuwa yake, "Allah yashfih", Mungu amponye.

Na "intakala" usilishtukie kabla hujasoma mbele. Likifuatwa na jina la mtaa, kahama nyumba. Likifuatwa na "ila rahmati llah", kahamia kwenye rehema ya Mungu, ndiyo basi tena.

Ugonjwa nao una pazia lake. "Al-maradh al-khabith" ni saratani, ambayo wengi hawapendi kuitaja jina. Shangazi aliwahi kulisoma hilo akadhani binamu kapata maradhi ya aibu, maana khabithi kwetu ni mtu muovu. Akakataa kupiga simu kumpa pole, kwa haya. Alipokuja kuelewa, binamu alikuwa yupo matibabuni wiki ya tatu, anauliza kwa nini watu wa Wete wamemnyamazia.

Siku hizi kila ujumbe wa Kiarabu ananitumia mimi kwanza, kisha ndiyo ajue kama alie.